Mkaguzi wa shule: utie chumvi au uipunguze?

Tuseme unatunga kichekesho: mkaguzi anaingia shule ya msingi mjini Moshi saa mbili asubuhi, rula mkononi, anapima vipande vya chaki.

Kwa chuku: "Alihesabu maharage ya makande mpaka theluji ya Kilimanjaro ikayeyuka." Kijiweni watacheka papo hapo. Ila chuku huchakaa upesi; ukipiga tatu mfululizo, msomaji hamwoni tena mkaguzi, anakuona wewe.

Kwa kupunguza: "Saa kumi jioni alikuwa amemaliza choo cha kwanza. Mwalimu mkuu alionekana kuchoka kidogo." Hilo "kidogo" ndilo linalochekesha, lakini saa na choo lazima vitangulie, la sivyo inabaki taarifa tu.

Unasimulia kwa mdomo? Tia chumvi. Kwa maandishi, mimi ningepunguza, nikibakiza chuku moja mwishoni: akadai kivuli cha mlingoti kimepinda.