Uzoefu wangu: Probox ya kulipia kila mwezi, ada zilizojificha, na siku gari lilipozimwa

Nabeba mboga na matunda kutoka soko la Kongowea hadi Mtwapa na Kilifi, na gari ninalotumia ni Toyota Probox niliyoichukua kwenye yadi moja hapa Mombasa kwa mkataba wa kukodi na kununua. Katika mkataba wa aina hii wewe ni mkodi, na gari ni lao hadi umalize shilingi ya mwisho. Kampuni siitaji. Ninachotaka mjue ni jinsi hesabu yao inavyokwenda, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotezea magari.

Bei taslimu ilikuwa 850,000. Nilitoa dipoziti ya 340,000, zikabaki 510,000 za kulipwa kwa miezi 24, na afisa wa mauzo akaniambia riba ni asilimia mbili na nusu kwa mwezi. Ukiisikia haraka inaonekana ndogo. Lakini inatozwa kwa zile 510,000 zote kila mwezi, hata ukiwa umeshalipa nusu ya deni. Kwa miezi 24 inafika 306,000. Ukijumlisha unapata 816,000, ambayo ni 34,000 kila mwezi. Ukiipima kwa deni linalopungua, riba hiyo ni zaidi ya asilimia nne kwa mwezi. Kwenye Sacco inayotoza asilimia moja kwa deni linalopungua, mkopo uleule ungelipwa kwa takriban 24,000 kwa mwezi, na riba yote isingefika 70,000. Ni kweli Sacco inataka akiba na wadhamini, na mfanyabiashara mdogo hana kila mara. Yadi inakupa gari wiki hiyohiyo, na hilo nawapa haki yao: gari lilikuwa zima, na fundi wangu alilikagua akaridhika.

Sasa zile ada. Mwanzoni nililipia traka, ukaguzi wa thamani na bima kamili, na zote niliziona kwenye risiti. Shida ilianza mwaka wa pili. Katika mwezi wa 13 walikata bima upya kupitia wakala wao, 42,500, wakaongeza ada ya traka ya mwaka, 12,000, wakaziingiza kwenye akaunti yangu ya malipo bila kuniletea ankara. Mkataba ulikuwa na kifungu kinachosema pesa yoyote inayoingia italipa kwanza ada, kisha faini, ndipo awamu. Kwa hiyo 34,000 niliyotuma kwa M-Pesa tarehe ileile ya siku zote ilimezwa yote na bima. Kwenye vitabu vyao nilikuwa sijalipa awamu ya mwezi huo, wakanitoza na faini ya asilimia 10, yaani 3,400. Mimi niko barabarani nikijua sina deni, kumbe kwao mimi ni mdaiwa sugu.

Baada ya hapo mke wangu alilazwa hospitalini, na awamu mbili zilizofuata sikuweza kuzilipa. Nilimpigia afisa wa mikopo kabla ya tarehe kufika nikamweleza. Akanijibu, "Pole sana, bwana, tutaliangalia." Asubuhi moja gari likakataa kuwaka. Walikuwa wamelizima kwa traka, na muda si muda brekidauni ikafika na vijana wawili wenye barua ya dalali. Sikuoneshwa amri yoyote ya korti. Nilipofika kwenye yadi ya kuhifadhi magari nilipewa bili ambayo awamu zilikuwa sehemu tu: brekidauni 15,000, dalali 35,000, maegesho 1,000 kila siku, na faini juu ya faini. Wakaniambia nisipolipa vyote gari litapigwa mnada, na likiuzwa kwa bei ya chini nitadaiwa tofauti.

Rafiki yangu wa sokoni ndiye aliyenipeleka kwa wakili, na hapo nikajifunza jambo ambalo kila aliyechukua gari hivi Kenya anastahili kulijua. Sheria ya mikataba hii, Sura ya 507, inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei yote ya mkataba, mwenye gari hawezi kulichukua tena bila kwenda kortini. Akilichukua kwa nguvu, mkataba unakufa, deni lililobaki linakufa nalo, na una haki ya kudai ulichokwisha kulipa.

Bei inayohesabiwa ni jumla nzima, dipoziti ikiwemo, ila faini za kuchelewa haziingii. Yangu ilikuwa 340,000 na 816,000, yaani 1,156,000, na theluthi mbili yake ni kama 770,700. Kwa awamu 13 nilikuwa nimefikisha 782,000, kwa hiyo nilikuwa nimeshavuka. Kwa vitabu vyao nilikuwa na awamu 12, yaani 748,000, bado sijafika. Mnaona sasa kwa nini bima ile iliyoingizwa kimyakimya ina uzito? Awamu moja iliyomezwa ndiyo iliyotenganisha gari lililolindwa na sheria na gari linaloweza kuvutwa alfajiri.

Wakili hakuishia hapo. Mkataba wa namna hii unatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30 tangu kutiwa saini, na kazi hiyo siku hizi iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Usiposajiliwa, mwenye gari hana haki ya kulirudisha kwa kutumia mkataba huo. Akatafuta wangu, hakuupata. Barua yake kwa kampuni ilikuwa fupi: ilitaja theluthi mbili, usajili, na risiti zangu zote za M-Pesa. Suala halikufika kortini. Gari lilitoka bila mimi kulipa brekidauni, dalali wala maegesho, nikalipa awamu mbili zilizochelewa na nikakubali kulipa bima kwa mafungu, kwa kuwa bima yenyewe nilikuwa naitumia. Wakili alinieleza ningeweza kudai zaidi, lakini mimi nilihitaji gari la kazi.

Kinga hii ina mipaka. Haigusi mkataba ambao bei yake yote inapita shilingi milioni nne, wala gari lililochukuliwa kwa jina la kampuni iliyosajiliwa. Tena, kama karatasi yako ni mkopo ulioweka logibuku kuwa dhamana, huo ni mkataba mwingine na theluthi mbili haina nafasi. Yadi nyingi zinaita vyote "lipa polepole", kwa hiyo tazama kichwa cha karatasi na uone kama wewe umeandikwa mkodi au mkopaji.

Niliendelea nao hadi mwisho. Kila mwezi nilidai taarifa ya akaunti kwa maandishi, na yale mafungu ya bima nikawaambia wakinitumia ankara nitayalipa peke yake, yasichanganywe na awamu. Wakakubali bila ubishi, jambo linaloonesha kwamba lingewezekana tangu mwanzo. Nilipomaliza, waliomba 10,000 za "kuachilia logibuku". Nikawauliza iko kwenye kifungu gani, hawakunionesha, sikuilipa. Jina lao likaondolewa kwenye mfumo wa NTSA nikabaki mimi peke yangu. Gari nalipatia nyota nne. Huduma ya mkopo nawapa moja, na hiyo moja ni kwa yule dada wa hesabu aliyenichapishia taarifa yote ya malipo, mstari kwa mstari, siku niliyomwomba.