Duka la miwani lililoisingizia pua yangu

"Ni pua yako, dada." Hilo ndilo jibu nililopewa na kijana wa duka moja la miwani hapa mjini, nilipomrudishia fremu isiyomaliza hata wiki mbili. Yaani miwani inateremka kila nikiinama kuhesabu pesa za mteja, halafu mwenye kosa ni pua niliyozaliwa nayo!

Na fremu alinichagulia yeye. Eti uso wangu wa duara, basi za duara ndizo zinanifaa. Kubwa, nyeusi, plastiki nene. Nilipoomba kujaribu za chuma zenye kona akasema hizo za wazee, akarudi kwenye simu yake. Mjinga mimi, nikalipa. Duara juu ya duara, nikawa mashavu matupu! Uso kama wangu unataka kona kidogo ziukate, na ukingo wa juu ufuate nyusi. Hizi zilikalia mashavu, nikicheka zinapanda nayo.

Kazini navaa suti ya kijivu na mtandio. Ile midude ilinifanya nionekane naelekea ufukweni, na mikono yake minene ilinibana masikio chini ya mtandio hadi kichwa kikaniuma. Ijumaa, siku ya kitenge, ilipendeza, nisiseme uongo. Ila siku nyingine nne je?

Nikiwa nafoka, akatoka fundi mzee chumba cha nyuma. Akasoma namba ndani ya mkono wa fremu: 54-16-140.

"Mwanangu, 54 ni upana wa kioo kimoja kwa milimita, 16 ni nafasi ya puani, 140 urefu wa mkono. Macho yako yamekaribiana, kioo hiki ni kipana mno kwako, na namba yako ya macho ni kubwa, ndiyo maana lenzi imenenepa hivi pembeni. Mikono naweza kuipasha moto nikaipinda. Hapa puani siwezi, plastiki imechongwa kwa pua yenye mgongo wa juu."

Kumbe pua kweli ilihusika. Lakini kuna kuambiwa na kuna kutukanwa.

Akanipa ya chuma nyembamba, rangi ya kahawa, 48-19, kona zimelainishwa, yenye vile vipande laini vya puani vinavyopindwa. Akavibana kidogo, akaniambia nitikise kichwa. Haikusogea. Macho yamekaa karibu na katikati ya kioo. Lenzi hakuniuzia mpya, alizisaga zilezile ziingie, ile sehemu nene zaidi ya pembeni ikaishia kuwa vumbi. Nikaongeza hela kidogo tu ya fremu.

Suti inakubali, kitenge nacho kinakubali, ingawa kwa kitenge bado naikumbuka ile nyeusi.

Nilikuja hapa kuwaambia msikanyage duka lile. Sasa sijui. Nendeni, ila mkimkuta kijana kaunta, ulizeni kwanza kama mzee yupo.