Studio ya katuni iliyotutengenezea Kombo, kaa wa shule yetu

Nafundisha shule ya msingi Kigamboni, na maskoti wetu ni kaa anayeitwa Kombo. Tulitaka video ya sekunde 30 ya kumtambulisha kwa darasa la kwanza, tukaipeleka kazi kwenye studio ndogo ya katuni Sinza. Nawapa nyota 4 kati ya 5, na nyingi kati ya hizo ni za skripti.

Maelezo ya kamati yetu yalijaa sifa: mchangamfu, mwenye nidhamu, mpenda kusoma, mtunza mazingira. Mwandishi wao aliyasoma kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Ukiongea na watoto taratibu, sekunde 30 hubeba maneno 60 hivi, na hapo hujaacha nafasi ya kitendo. Akataka sifa moja tu, tena ionekane bila kutajwa. Tukachagua udadisi wenye woga kidogo. Ikawa hivi:

Mchanga mtupu. Macho mawili yanachomoza, yanaangaza huku na huku. Kengele inalia, macho yanazama. Yanatoka tena, safari hii na mwili mzima. “Hamjambo! Mimi Kombo. Hiyo kengele ya wapi? Ngoja nikaone!” Anakimbia kuelekea mlango wa darasa ulio pembeni ya picha. “Upande upande, nafika!”

Mwalimu mkuu alipendelea “Elimu ni ufunguo wa maisha”. Mwandishi hakubishana, alimwomba tu ainuke aitamke huku akifanya kitendo kinachoendana nayo. Sote tulicheka, yeye wa kwanza. “Upande upande” ina mapigo mawili ya miguu, na kwenye “nafika” magando yanagongana.

Kwa sababu kaa hukimbia ubavu akiwa bado anatutazama, walichora sura ya mbele peke yake. Miguu 8 waliigawa makundi mawili yanayopokezana, mzunguko mfupi unaorudiwa. Mdomo nao ulihitaji maumbo machache: irabu 5, midomo iliyofumbwa kwa m, b na p, na meno juu ya mdomo kwa f na v. Ukitaka kukagua kazi ya namna hii, tazama kila “p”. Mdomo ukiwa wazi hapo, sauti na picha zimepishana.

Sauti hurekodiwa kwanza, ndipo michoro ifuate. Kwa hiyo tulipotaka Kombo ataje pia tarehe ya usajili, walikataa kuligusa neno lolote, wakaiweka kama maandishi mwishoni. Nawaunga mkono, maana mwakani maandishi yatabadilishwa na Kombo atabaki vilevile.

Nyota waliyopoteza ni ya muziki. Kwenye spika za gwaride ulimeza “nafika” yote. Waliupunguza bila kutoza, ila tulisubiri mno. Ukienda kwao, dai sauti na muziki kwenye mafaili tofauti kabla hujamalizia malipo.