Wembe au siki kwa kioo cha tangi la samaki?

Hapa Kampala wafugaji wa samaki wa mapambo hawaishi kubishana: wembe au siki?

Kwa mwani wa kijani ulioganda ndani, wembe haushindwi. Ulaze karibu sambamba na kioo, usukume juu, wala samaki huna haja ya kuwatoa. Ila ukwaruzapo pembeni utakata silikoni, na tangi litavuja. Tangi la plastiki usiliguse kabisa kwa wembe. Tena wembe hushika kutu, hivyo ubadilishe mara kwa mara.

Ukoko mweupe ni chokaa iliyobaki maji yakikauka, na hapo siki hushinda. Tangi langu lilikuwa na mkanda mpana wa ukoko huo juu ya maji. Nilichota maji yakashuka sentimita tano, nikabandika kitambaa chenye siki nyeupe, kikiwa kimekamuliwa kisidondoke, kwa dakika kumi na tano. Ukoko ukalainika, nikaufuta, kisha nikapitisha kitambaa chenye maji safi mara mbili. Siki nyingi ikiingia majini hushusha pH ghafla. Samaki wakihema juujuu, badilisha sehemu ya maji upesi.

Mwenye tangi la plastiki atumie siki kwa chokaa, na sponji laini kwa mwani. Mwenye kioo na mwani sugu, wembe.