Nilivyoteseka kujitoa kwenye dawa za presha zinazotumwa kila mwezi (Kigoma)

Niwape haki yao kwanza, hawa watu wa dawa za mtandaoni wa Dar kwa zaidi ya mwaka hawajawahi kupoteza kifurushi cha mama. Unajiunga, unapakia cheti cha daktari, unaunganisha kadi, kila mwezi wanakata hela wenyewe na mzigo unapanda basi mpaka stendi hapa Kigoma, mimi nauchukua napeleka Ujiji kwa mama. Ungeniuliza mwaka jana ningewasifia mpaka ukajiunga. Ila siku unataka kutoka ndo unawajua.

Mama anatumia amlodipini na atenololi ya miligramu 50, kidonge kimoja kimoja kila siku. Nilitaka kujitoa kwa sababu gharama ya usafirishaji imekuwa ikipanda tu na kuna famasi Mwanga, hapa hapa Kigoma, nimekuta wanazo zote mbili. Nikaingia kwenye apu, kuna vitufe viwili, "Ruka mwezi huu" na "Ghairi huduma". Hela ya mwezi ule walishaikata siku kadhaa nyuma, oda inasomeka "Inaandaliwa", kwahiyo mtu yeyote mwenye akili timamu anaelewa kwamba hicho kifurushi ni changu nimeshakilipia na kughairi kunahusu miezi inayofuata. Nikabonyeza Ghairi huduma. Hakuna onyo wala swali lolote, ikaja alama ya tiki ya kijani tu.

Nikasubiri mzigo, kimya. Kuja kufungua apu, oda imeandikwa "Imefutwa". Yaani kughairi huduma kumefuta na kifurushi nilichokwisha kulipia!

Nikapiga kastoma kea. Dada aliyepokea akaniambia mfumo umefuata nilichoomba, hela itarudi ndani ya siku 14 za kazi, nikitaka dawa nijisajili upya na nipakie cheti upya. Nikamwambia, dada yangu, mama kabakiza vidonge vya kuhesabu, akanijibu, "Siku mbili tatu bila dawa haziui mtu dada, mwambie apumzike." Hili neno mpaka leo linanichoma. Wewe unapokea simu za kampuni ya dawa, hujui dawa gani tunaongelea, hujauliza hata jina la dawa, unamwambia mtu hivyo?

Maana kwenye atenololi hiyo kauli ni ya hatari kabisa. Amlodipini inakaa mwilini muda mrefu, ukikosa siku moja presha haipandi ghafla. Atenololi ni tofauti, ni dawa inayozuia moyo usiende mbio, na mwili ukishaizoea kisha ukaikata ghafla moyo unaweza kuanza kwenda mbio, presha ikapanda, na kwa mwenye matatizo ya mishipa ya moyo anaweza kupata maumivu ya kifua au hata shambulio la moyo. Ndo maana daktari akitaka kuisimamisha anapunguza dozi kidogo kidogo kwa wiki moja mpaka mbili, hakati siku moja. Kufika Ujiji nikamkuta mama ameshaanza kubania, anakata kidonge kwa kisu cha vitunguu juu ya kifuniko cha sufuria, nusu leo nusu kesho, vipande vingine vimesagika unga tu. "Mwanangu nilikuwa nakuvutia muda," ananiambia. Jirani yetu nesi akampima, mapigo yamezidi mia moja na mama amekaa tu hajatembea popote. Nilitetemeka.

Tukaenda famasi Mwanga usiku ule ule. Mfamasia akaangalia boksi tupu na picha ya cheti kwenye simu yangu, akatupa za kutosha mpaka siku ya kliniki, akasema arudi kwenye dozi yake kamili ya kila siku na tumpeleke akaonwe mapema, na kifua kikibana twende hospitali bila kusubiri asubuhi. Hakuhangaika na jina la kampuni lililo juu ya boksi, aliangalia jina la dawa yenyewe na miligramu. Hili likumbukeni, chapa ikiwa tofauti si tatizo, miligramu zikiwa tofauti ndo shida.

Sasa kitu kingine kilichonitia hasira ni hesabu, na hii nimeigundua nikiwa nimekaa na maboksi tupu. Mama mwanzoni alikuwa na akiba nzuri ya vidonge vya zamani, nikawa nashangaa imeenda wapi. Boksi lina vidonge 28. Wao wanatuma kila mwezi tarehe ile ile. Ukilifungua tarehe 3, kidonge cha mwisho ni tarehe 30, mwezi wa siku 31 boksi jipya ukilianza tena tarehe 3 umekaa siku tatu bila kitu. Kwa mwaka maboksi 12 ni vidonge 336 na mwaka una siku 365, unapungukiwa vidonge 29, boksi zima na kidonge kimoja juu! Kwahiyo karibu kila mwezi tulikuwa tunakula akiba bila kujua, na wao wana wafamasia, wameshindwa kuweka mzunguko wa siku 28? Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu kwa ajili ya ule mwaka mzuri. Nikiwaza hili naona hata huo mwaka haukuwa mzuri kihivyo.

Kama una mzazi yuko kwenye huduma ya namna hii na unataka kumtoa, usiguse kitufe chochote kabla hujahesabu vidonge vilivyopo nyumbani na kuandika tarehe ya kidonge cha mwisho. Kisha nunua kwanza boksi la huko unakohamia, lishike mkononi, maana famasi kusema "ipo" leo haimaanishi itakuwepo wiki ijayo, huku kwetu mzigo nao unatoka mbali. Pakua na cheti chako kwenye apu, ukishafunga akaunti unaweza usikione tena. Muda salama wa kughairi ni pale kifurushi kimeshafika mkononi na cha mwezi unaofuata hakijakatiwa hela. Ukikuta wameshakata, acha kije, ughairi baada ya kukipokea. Na bonyeza "Ruka" kabla ya "Ghairi" kama zote zipo, ukiona kuruka kumeathiri mwezi usiotaka bado una nafasi ya kurudisha.

Wengine wanasema toa tu hela kwenye kadi watashindwa kukata. Hiyo haighairi kitu. Mfumo utajaribu tena na tena, siku ukiweka hela ya umeme wanaimeza, au kifurushi cha mwisho ulichokuwa unakitegemea kinakwama kwa sababu malipo hayajapita.

Mama yuko salama, mapigo yameshuka, daktari amembakiza kwenye dozi ile ile. Nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana wa stendi aliyekuwa ananipigia kila mzigo ukishuka. Yule dada wa simu sijui kama ni yeye au ndivyo walivyomfundisha kujibu, kama amefundishwa basi hata hiyo moja naitoa. Na kadi msiifunge haraka, marejesho yanapita kadi ile ile iliyokatwa, ukiifunga ndo wanapata sababu ya kukuzungusha. Yangu nimeiacha wazi na hela hadi naandika hapa haijaingia.