Kinyonya harufu cha elfu kumi na mbili na friji iliyooza mapanki: uzoefu wangu

Niseme kabisa mapema: nimekasirika, na aliyenikasirisha ni muuzaji kuliko bidhaa yenyewe. Nilinunua kile kimfuko cha mkaa wa kunyonya harufu katika duka moja pale mjini Mwanza, shilingi 12,000, baada ya kuambiwa "weka tu ndani ya friji, usihangaike kuosha, kesho harufu hakuna". Siku ya tano friji bado inanuka vilevile. Niliporudi na kimfuko mkononi, kijana yule hakukigusa hata kidogo. Alisema mbele ya wateja wengine: "Mama, friji yako chafu, usisingizie dawa." Hela hakurudisha.

Friji yenyewe ilikatikiwa umeme usiku mzima na mchana wake, na ndani mlikuwa na mifuko miwili ya mapanki, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, na kichwa kimoja cha sangara. Maji ya samaki yaliyeyuka, yakashuka kutoka kwenye friza hadi chini. Kila kaya ya huku kwetu ziwani inaijua harufu hiyo, na ndiyo harufu ambayo kimfuko cha mkaa hakiiwezi peke yake. Mkaa ule una vitundu vidogo sana visivyoonekana, na hewa ikipita, chembe za harufu hunasa humo. Lakini vitundu vina mwisho. Uchafu unaotoa harufu ukiwa bado umo ndani, unazalisha usiku na mchana, na kimfuko cha gramu 200 hujaa kikashindwa kupokea. Unyevu wa friji nao huziba baadhi ya vitundu. Kukianika juani kunakausha maji na kupunguza kidogo kilichonaswa, lakini hakukirudishi kuwa kipya, hata kama karatasi yake inaahidi miaka miwili.

Nikahamia kwenye magadi soda, ile nyeupe laini ya kuokea, siyo magadi ya kulainishia maharage. Kila mtu anaisifu. Vijiko vinne vya chakula nilivitandaza kwenye sahani pana, kwa sababu ukiiacha ndani ya kopo lake ni ile ngozi ya juu tu inayogusana na hewa. Harufu ya maziwa yaliyochacha, iliyokuwepo pia, ilipungua. Ya samaki ilibaki palepale. Hapa ndipo wengi tunapoteza hela: magadi soda ni besi hafifu, yaani kinyume cha asidi, inashika vizuri harufu zenye asidi, kama maziwa yaliyoganda au jasho la miguu. Harufu ya samaki aliyeoza nayo ni besi, jamii moja na amonia. Besi haiwezi kuzima besi mwenzake. Inayoizima ni asidi, na hilo mikono yetu inalijua tangu zamani, maana ukimaliza kuparua sato unanawa kwa ndimu, hunawi kwa magadi.

Kwa hiyo kilichofanya kazi ni kuosha, na kuosha kwa mpangilio. Chomoa friji kwenye umeme. Toa rafu na droo zote, uzioshe nje kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Sabuni itangulie, kwa kuwa sangara ana mafuta mengi, na mafuta hayo yakibaki kwenye plastiki yanaifunika harufu ndani yake, siki ikipita juu haifiki. Baada ya kusuuza ndipo upake siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uiache dakika 10, kisha ufute kwa kitambaa cha maji safi. Mpira wa mlango una mikunjo. Ifungue kwa kidole na upitishe mswaki wa zamani, utashangaa kinachotoka. Tahadhari moja tu ambayo siifanyii mzaha: usichanganye siki au ndimu na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na kichwa kikiwa ndani ya friji unaivuta yote.

Nilifanya hayo yote, na bado harufu ilirudi asubuhi. Hapo ndipo hasira ilipanda kweli, mpaka nilipozunguka nyuma ya friji. Ndani, kwenye ukuta wa nyuma upande wa chini, kuna tundu dogo la kutolea maji. Maji hupita humo na kudondokea kwenye trei ya plastiki iliyo juu ya kompresa, yakauke kwa joto lake. Maji ya mapanki yalipita njia hiyohiyo. Trei ilikuwa na ute mzito wa kahawia, ukipashwa moto kila kompresa inapowaka. Ukitaka kujua kama tatizo lako ni hili, funga mlango na unuse nyuma. Kama nyuma kunanuka kuliko ndani, usinunue kitu chochote kwanza. Acha kompresa ipoe, vuta trei kama inatoka, au inyonye kwa kitambaa kama imefungwa, ioshe kwa sabuni na siki. Tundu lenyewe lizibue kwa mrija laini, usitumie waya, kisha mimina nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sabuni hadi uyaone yakitoka kule chini. Friji ikae wazi usiku kucha, kitambaa kikizuia mlango usijifunge.

Siku iliyofuata hapakuwa na harufu. Basi yule kijana alikuwa sahihi kwamba friji ni chafu. Ninalikubali hilo, japo linaniuma, kwa sababu ni yeye aliyeniambia nisioshe.

Na kimfuko? Nilikirudisha kwenye friji safi, na humo kimefanya kazi nzuri: kitunguu kilichokatwa hakisikiki kwenye maziwa. Kwa kazi hiyo ningekipa sifa. Kwenye kabati la viatu sikipendekezi. Huko harufu ni ya jasho, yaani asidi, na magadi soda ya bei ndogo inatosha: kijiko kimoja kwenye soksi kuukuu iliyofungwa fundo, ndani ya kila kiatu usiku mmoja, ila kiatu kiwe kimekauka kwanza. Kiatu chenye unyevu kinaendelea kuzalisha harufu chochote utakachoweka. Na ndoo ya taka haihitaji hata kimoja kati ya hivi viwili. Matumbo ya samaki yafunge kwenye mfuko na uyaweke friza hadi siku ya gari la taka, kisha ndoo ioshwe na ianikwe juani ikiwa kichwa chini. Kinachonuka ni yale maji ya chini.

Kuna friji ambazo hata hivi hazisaidiki: maji ya samaki yakipenya ufa wa plastiki hadi kwenye sponji ya ndani ya ukuta, harufu itarudi kila umeme ukikatika, na hakuna dawa ya dukani itakayofika huko.

Nilikuwa nataka kuandika kwamba kimfuko ni cha kununua, ukiwa na friji safi. Lakini kila nikikumbuka "usihangaike kuosha" na ile sauti ya mbele za watu, nabadili: mkaa huo unapatikana maduka mengine, na mimi kwa yule sirudi hata anipe bure.