Wekundu ulioliwa na maji Misali: nilivyousaka kwa DaVinci Resolve ya bure

Binamu yangu anapeleka wageni kuzamia kisiwani Misali, Pemba, nami huwafuata na kamera. Siku nilipomwonyesha video ya kwanza alijitazama kwa muda, akauliza: "Kaka, huyu ni mimi au maiti?" Uso ulikuwa wa kijani, midomo myeusi.

Kwanza nilinunua filta nyekundu, shilingi 35,000 katika duka moja la mjini. Sikuipenda. Filta haileti wekundu, inachofanya ni kupunguza kijani na buluu ili vilingane na wekundu kidogo uliopo. Picha inakuwa giza, kamera inajiongezea mwanga yenyewe, chenga zinajaa. Halafu mgeni akiwasha tochi karibu yako, kila kitu kinageuka nyanya. Nimeiweka kabatini.

Kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ndipo nilipotulia. Toleo la bure linatosha kwa kazi hii, ila kile kifaa chake cha kufuta chenga kipo kwenye toleo la kulipia tu. Nieleze klipu moja, ya mita 14.

Kabla ya yote, kamera yenyewe: White Balance niliifunga, sikuiacha kwenye Auto. Ukiiacha ijiamulie, rangi hubadilika katikati ya klipu kila ukigeuza lenzi, na utakachosahihisha sekunde ya kwanza kitakuwa kimeharibika sekunde ya tano. Pia nilimwomba binamu ashike kile kibao cheupe cha kuandikia chini ya maji, kwa sekunde chache mbele ya kamera. Kibao hicho ndicho mizani yangu.

Nyumbani nikafungua ukurasa wa Color na kipimo cha Parade, kinachoonyesha nguvu ya nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Kwenye kibao, kijani kilikuwa kama 480, buluu 520, na nyekundu 60 tu. Kosa langu la miaka ni kushika gurudumu la Gain na kupandisha nyekundu mpaka ilingane. Hiyo ni kuzidisha mara nane, na chenga nazo zinazidishwa mara nane. Utazijua: vivuli vinaanza kuchemka vidoti vyekundu, na ngozi inapata mabaka.

Njia iliyonifaa ni RGB Mixer. Unazima Preserve Luminance, kisha kwenye Red Output unapandisha mstari wa G. Mimi niliuweka 0.70, yaani chaneli nyekundu inaazima asilimia 70 ya kijani, ambacho ni safi. 60 ikawa karibu 396. Baada ya hapo Gain ya nyekundu 1.20 na ya buluu 0.92, na chaneli zote tatu zikasimama karibu 480. Kibao kikawa cheupe, na binamu akarudi kuwa mtu.

Tatizo likahamia kwenye maji. Nyuma yake bahari ilipoteza buluu yake, ikawa ya zambarau iliyochujuka. Sababu ni kwamba maji ya nyuma nayo yana kijani, kwa hiyo nayo yalipewa wekundu ambao hayakuwahi kuwa nao. Kwenye nodi ileile, yaani hatua ileile yenye masahihisho hayo, nikachukua Qualifier, nikadonoa ile buluu ya nyuma, nikageuza uteuzi ili masahihisho yaruke maji, na ukingo nikaulainisha kidogo. Usipoulainisha, kichwa cha mtu kinazungukwa na mstari kama kakatwa kwa mkasi.

Nikamtumia binamu. Jibu lake: "Safi. Ila yule chewa mbona kahawia?"

Alikuwa na haki. Ni yule chewa mwekundu mwenye madoa ya buluu, na kila mzamiaji anamjua. Lakini wekundu wangu ulikuwa wa kuazima kutoka kijani, na samaki huyo hurudisha kijani kidogo sana, basi hapakuwa na cha kuazima. Ngozi, mchanga na matumbawe ya rangi ya maziwa hurudi vizuri. Kitu chekundu hasa hakirudi. Hata kwenye maji safi kabisa, mwanga mwekundu ukishapita mita 15, yaani 14 za kushuka na moja mpaka kwenye lenzi, unabaki chini ya asilimia 1, na kamera haikurekodi cha maana. Hakuna kitufe cha kufufua kisichorekodiwa.

Wiki iliyofuata nilishuka na tochi ya video, nikamsubiri chewa kwenye pango lake mpaka nikawa mita moja naye. Mwanga wa tochi unakwenda mita moja na kurudi mita moja, na karibu nusu ya wekundu inafika. Alitoka mwekundu kama pilipili, na kwenye klipu hiyo RGB Mixer sikuigusa.